Dua ya chakula cha Jumapili, nyumbani kwa Bibi, Tanga

Tunaisema baada ya kunawa, kabla masufuria hayajafunuliwa, waliotoka kanisani na waliotoka kuswali adhuhuri wote wakiwa wameshafika. Anaongoza mkubwa aliyepo, wengine wanaitikia. Mikono kila mtu aiweke alivyozoea, iwe kuifumbata au kuikunjua viganja vikiwa juu.

MKUBWA: Mwenyezi Mungu, Muumba wetu sote, tumekaa mbele yako tukiwa nyumba moja.

WOTE: Tunakushukuru.

MKUBWA: Umetupa mchele wa Mombo, nazi za Muheza, mboga zilizoteremshwa kutoka Lushoto, na samaki wa bahari yetu. Wabariki waliolima na waliovua, waliobeba magunia mgongoni, na yule mama wa sokoni aliyetuongezea fungu la mchicha bila kuombwa.

WOTE: Wazidishie riziki.

MKUBWA: Kuku huyu Baba Mdogo amemchinja kwa jina lako, ili hapa asiwepo mtu wa kusogeza sahani pembeni. Wape heri waliosimama jikoni tangu asubuhi: Mama aliyekuna nazi, Shangazi aliyeupalia wali makaa mpaka ukaiva vizuri hivi, na watoto waliotumwa dukani wakaenda bila kununa.

WOTE: Wape afya na nguvu.

MKUBWA: Tunawakumbuka wasiokuwepo. Babu uliyemchukua, aliyetukalisha kwenye mkeka huu mmoja wakati ndugu wa pande zote mbili walisema ndoa yake na Bibi haitadumu. Kaka yetu aliye safarini. Jirani yetu anayeumwa, ambaye sahani yake tumeshaiweka pembeni apelekewe. Na wote ambao mchana huu hawajui watakula nini. Akipita mmoja wao mlangoni kwetu, tusimwache aende na njaa.

WOTE: Uwarehemu, uwatunze.

MKUBWA: Zilinde ndimi zetu, Mola wetu. Tusidharauliane kwa namna tunavyokuomba, wala watoto wetu wasisikie kwetu neno la kumkebehi mjomba au shangazi yao kwa dini yake. Anayefunga Ramadhani tumwandalie futari kwa moyo mmoja. Anayefunga Kwaresima tumheshimu kwa kile anachojinyima. Idi itukute tunaitana, na Krismasi itukute tunaitana.

WOTE: Utuweke pamoja.

MKUBWA: Kibariki chakula hiki, kiwe afya mwilini mwetu, na mwenye kinyongo na mwenzake akimalize kabla hatujanyanyuka.

WOTE: Amina.

Hapo tunangoja kidogo. Anayesema Bismillahi anasema, anayefanya ishara ya msalaba anafanya, na hakuna anayeharakishwa. Kisha Bibi anasema, "Haya, karibuni," na wadogo wanapakuliwa kwanza.