Ujumbe wa sauti kwa dokta wa famasi: mjomba ana vikohozi viwili

Asalaam aleikum dokta Zuhura. Shikamoo. Mimi Mwanaidi wa huku Ngamiani, Barabara ya 13, yule wa vitumbua, niliyekuja juzijuzi kuchukua vijiti vya mashine ya sukari. Najua umeshafunga, wala sikuombi unijibu usiku huu. Nimeona niyaseme yote sasa nikiwa nimetulia, maana kesho nikisimama pale dirishani na watu watano nyuma yangu, nusu nitaisahau. Ujumbe utakuwa mrefu, nivumilie.

Na kwanza kabisa, sijanunua kitu. Hela ninayo, na duka la dawa la hapa mtaani lipo wazi mpaka saa nne, lakini sijanunua.

Ni mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, ndiye nakaa naye. Ana miaka 68. Ana presha na ana sukari, zote mbili za siku nyingi, anahudhuria kliniki. Uzito wake kwenye kadi mara ya mwisho ni kilo 60, mara ya kabla yake 61. Sigara aliacha zamani.

Anakohoa na ana homa. Lakini dokta, ngoja nikueleze vizuri, maana hapa ndipo hata mimi nilijichanganya. Vikohozi ni viwili. Cha kwanza ni kikavu, cha kuwasha koo, hakitoi kitu. Anasema ni kama unyoya umekwama hapa chini ya kidaka tonge. Kinamshika sana akishalala, anakohoa kohoo kohoo mpaka anakaa kitako, halafu kinaacha. Hicho hakikuwa na homa. Hicho kina muda, na leo nimekaa nikapiga hesabu: kilianza baada ya kubadilishiwa dawa ya presha mwanzoni mwa mwezi wa nane. Sasa tunamaliza wa tisa. Tulidhani vumbi, tukadhani moshi wa mkaa wangu, nikahamishia jiko uani. Wapi.

Cha pili kimeanza Jumamosi. Hiki kizito, kinatoka kifuani, kinatoa makohozi. Jumapili yalikuwa meupe, jana na leo ni ya njano, mazito. Damu hakuna, nimeangalia mwenyewe kwenye kikopo, samahani kwa kusema hivyo. Mafua kidogo alikuwa nayo Ijumaa. Upande wa kulia wa mbavu anasema unamchoma akikohoa, na leo jioni kasema unamchoma hata akivuta pumzi ndefu. Hilo la leo jioni ndilo lililonifanya nishike simu.

Homa nimepima na kile kipimajoto cha kwapani. Jana usiku 38.2. Leo asubuhi 37.4, nikafurahi. Leo saa moja usiku 38.6, anatetemeka, kajifunika shuka mbili na joto la Tanga hili unalijua. Nikampa panadoli mbili za miligramu 500. Saa tatu ilikuwa 37.6. Usiku wa jana na wa juzi alitoka jasho hadi fulana ikalowa nikambadilisha.

Pumzi nimemhesabia akiwa amelala, dakika nzima kwa saa ya simu: 22. Nikarudia, 23. Midomo haijawa ya buluu, anaongea sentensi nzima bila kukatika. Akili yake timamu, tena timamu kuliko yangu, ametoka kubishana na kijana wangu kuhusu Coastal Union sasa hivi, na anajua leo Jumanne. Kula ndiyo shida. Tangu asubuhi kala uji nusu kikombe na kipande cha mkate wa ajemi. Maji anakunywa nikimsimamia.

Sasa dawa. Nimezimwaga zote hapa mkekani nazisoma moja moja.

Ya kwanza metformini ya miligramu 500, moja asubuhi moja usiku, baada ya kula. Hiyo ya miaka. Na hapo nina swali: leo hakula vizuri, ya usiku nikaisita, sijampa bado. Sukari asubuhi kabla hajala ilikuwa 11.2, wakati siku zake nzuri huwa 7 na nukta.

Ya pili aspirini ile ndogo, ya 75, moja usiku.

Ya tatu ndiyo ya presha, na hii sasa dokta inanipa tabu. Zamani alikuwa anatumia amlodipini. Ikamvimbisha miguu, viatu havimwingii, daktari wa kliniki akaiacha akampa nyingine. Hiyo nyingine walimpa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi kubwa, na mkasi umepita katikati ya jina. Nimeipeleka kwenye taa nikaigeuzageuza. Inasomeka herufi P, R, I, L, halafu 10, halafu mg. Mbele ya hiyo P kuna kimkia cha herufi ambacho kinaweza kuwa A au kinaweza kuwa O, mkasi umekula. Kidonge ni kidogo, cha duara, kimoja kila asubuhi. Nimekupigia picha pande zote mbili, pamoja na ukurasa wa kadi ya kliniki, ila mwandiko wa pale, mh. Wewe umezoea miandiko yao.

Nauliza hivi kwa sababu uliwahi kumwambia mama mmoja pale dirishani, mimi nikiwa nyuma yake, kwamba kuna dawa za presha zinazoishia na hilo neno ambazo huwaletea watu kikohozi kikavu. Ndiyo niunganishe. Sasa sijui kama ni hiyo, na sijamwachisha. Naogopa kumkatia dawa ya presha kwa akili yangu. Presha yake tulipima Alhamisi, 148 kwa 88. Nataka tu ulijue hilo, usije ukasikia kikohozi cha mwezi na nusu ukadhani ndicho hiki chenye homa, au ukasikia homa ya siku nne ukakisahau kile cha mwezi na nusu.

Na hapo hapo kuna jambo jingine, niseme tu. Matangazo ya zahanati yanasema kikohozi cha wiki mbili na zaidi ukapime kifua kikuu. Rafiki yake wa barazani, wanakunywa naye kahawa kila alasiri kikombe kwa kikombe, mwaka jana alianzishiwa dawa za kifua kikuu. Amemaliza, mzima. Nikimtajia mjomba anakuwa mkali, anasema namtafutia ugonjwa. Najua makohozi wanapima bure serikalini. Sasa ukisema wewe atasikia, mimi ni mtoto tu kwake. Na humu ndani tuna mjukuu wa miaka miwili analala chumba kimoja naye. Leo nimemhamishia kwangu.

Malaria hatujapima. Pale dukani mtaani nilipita mchana kuulizia tu, yule kijana akanitolea dawa mseto kabla sijamaliza sentensi, na azuma juu yake, akasema hiyo ndiyo ya kifua. Nikamuuliza bila kipimo? Akasema msimu huu wote ni malaria. Nikamwachia mezani.

Vitu alivyokwisha kunywa, na hapa usinigombeze. Jumapili alikuta kwenye kabati vidonge vya rangi mbili, amoksilini za 250 zilizobaki za kijana wangu, akameza viwili asubuhi na viwili jioni. Nilipojua nikavificha. Kwa hiyo siku moja tu, kisha hakuna. Sijui kama hilo linaharibu vipimo au linabadilisha kitu, lakini ndiyo ukweli. Halafu jirani alimletea mwarobaini wa kuchemsha, kanywa glasi moja jana, akasema afadhali afe. Tangawizi na limao anakunywa, asali nimemnyima kwa ajili ya sukari, ingawa nina wasiwasi kuna mtu anamwekea. Amejifukiza mara mbili kwa mchaichai na mkaratusi.

Kuna chupa ya dawa ya kikohozi ya maji, shemeji kaileta imebaki nusu. Sijampa. Kwenye karatasi yake nimesoma sukari, halafu kuna neno refu, sudoefedrini. Mtu wa presha na sukari, nikaona niifunike kwanza.

Na mzio! Nilitaka kusahau kubwa kuliko yote. Hatumii kitu chenye salfa. Septrini ilimtoa vidonda mdomoni na ngozi ikambabuka mgongoni, akalazwa, mimi nikiwa bado shule. Kwenye kadi mpya hawakuandika, kadi ya zamani ndiyo ilikuwa nayo na imepotea. Nakuomba uandike mahali.

Kingine, diklofenaki asipewe, wala dawa za jamii yake. Mwaka juzi kuna duka, silitaji, alikwenda mwenyewe kulalamikia goti wakampa za wiki mbili bila kumuuliza anatumia nini. Presha ilipanda 190 na kitu. Kliniki walipomuuliza akatoa karatasi mfukoni, tupu, kazimaliza zote. Tangu siku hiyo ndiyo nazungumza na wewe kabla ya kununua, hata kama ni panadoli.

Sasa ninachotaka kujua, dokta. Panadoli nimpe ngapi na baada ya saa ngapi, mpaka kesho? Metformini ya usiku huu nimpe au niache, maana hajala? Hii yenye mkia wa pril, kesho asubuhi ameze kama kawaida? Na kubwa: je, hii ni ya kuja kwako kabisa, au na huo upande unaomchoma nisipoteze muda, nimpeleke Bombo wakamsikilize kifua na kumpima malaria na makohozi kwa pamoja? Mimi moyo wangu unasema Bombo. Yeye anasema anataka sindano moja tu na chai ya rangi. Ukisema Bombo, saa kumi na mbili na nusu nitakuwa na bajaji mlangoni, na dawa zote hizi nitazibeba kwenye mfuko kama zilivyo, pamoja na hicho kipande kilichokatwa.

Usiku huu pumzi zikizidi hesabu hiyo, au akianza kuongea yasiyoeleweka, sisubiri jibu lako, tunaondoka.

Ngoja. Ngoja kidogo, ameanza. Nakusogezea simu.

Umesikia? Hicho ndicho cha Jumamosi, cha makohozi. Kile kikavu kinakuja baadaye kidogo, akishajilaza. Ee mjomba, naja, kikopo kiko hapo chini mkono wa kulia. Haya dokta, naenda kumshika mgongo. Picha zinakuja, mtandao unasuasua.