Taarifa ya ada mpya ya kapu la mboga kuanzia 1 Julai

Moshi, 1 Mei

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine poleni na matope ya masika.

Kuanzia tarehe 1 Julai, ada ya kapu kwa mwezi itapanda kutoka shilingi 60,000 hadi 70,000. Mei na Juni mtalipa ile ile ya zamani. Nawaambia miezi miwili kabla kwa sababu Julai shule zinafunguliwa na najua hali inavyokuwa.

Ada hii sijaigusa tangu nianze, mwaka wa tatu sasa. Februari nilijaribu njia nyingine: nikapunguza fungu moja la mnafu na karoti mbili kwenye kila kapu, bila kusema. Jioni ile ile mama mmoja wa Soweto akanipigia, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mnafu umeadimika?" Nilikosa jibu. Kibosho wanamwagilia kwa mfereji, mnafu ulikuwa tele. Wiki iliyofuata nikalirudisha fungu lile, na sitapunguza tena kapu la mtu kimyakimya. Bei ikibidi ipande, ipande mkijua.

Katika ile 10,000, shilingi 6,000 zinakwenda kwa wakulima. Hao kina mama wanachuma saa kumi na moja alfajiri, umande bado uko kwenye majani, kisha wanashuka na mizigo kichwani mpaka barabarani, maana mvua zikikolea gari halipandi. Mbolea na mbegu zimewapandia, nao walinivumilia muda mrefu kabla ya kuniomba niwaongeze. Sikuona haki kuwakatalia. Shilingi 3,000 ni za bodaboda. Bei za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zikipanda nauli inapanda siku hiyo hiyo. Iliyobaki ni ya makapu ya ukindu, ambayo yanachakaa haraka msimu wa mvua.

Kapu lenyewe halibadiliki: mnafu, sukuma wiki, karoti, nyanya, vitunguu, parachichi, na chane ya mshare kwa ajili ya mtori. Siku ni ile ile, Jumamosi kabla ya saa nne.

Aliyelipa mbele hadi Septemba haongezi hata senti mpaka muda wake uishe. Ambaye 70,000 ni nzito kwake, nimeandaa nusu kapu kwa 38,000, linatosha watu wawili au watatu. Na anayetaka kupumzika au kuacha anijulishe kabla ya tarehe 25 Juni. Akirudisha kapu nitampa 5,000 yake ya dhamana siku hiyo hiyo. Hakuna faini, na mlango uko wazi akitaka kurudi.

Mwenye swali anipigie, au aniulize Jumamosi ninapoleta mzigo. Mimi mwenyewe nitapita Rau na Majengo wiki hii.

Asanteni sana kwa kuniamini na meza zenu.

Wenu,
Mama Kapu