Ratiba yetu ya wiki nne za jenetiki, kuanzia kesho Jumatatu

Jamani wenzangu, mtihani ni Jumatatu saa nane mchana, wiki nne kamili kutoka kesho, masaa matatu, krosi zina maksi 40, molekyula 35 na jenetiki ya idadi ya watu 25. Nimekaa na testi yangu ya mwezi uliopita nikahesabu maksi zilipoenda, na karibu zote zimepotea kwenye maswali ambayo nilikuwa najua kabisa mada yake ila sijawahi kuyasolvu mwenyewe kwa mkono mpaka mwisho. Ndo maana hii ratiba haina siku ya kusoma tu, kila siku kuna karatasi na kalamu. Tunakutana saa moja usiku mpaka saa tatu Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi asubuhi pasti pepa, Jumapili mapumziko na mtu asiniambie habari za kromosomu siku hiyo.

WIKI YA KWANZA, krosi

Jumatatu tunapita haraka tu kwenye Mendel, 3:1, 9:3:3:1 na krosi ya majaribio, hizi tunazijua. Kitu kimoja tu naomba, tuache kuchora mraba wa Punnett wa vyumba 16 kila mara, tuzidishe probabiliti. Ukiulizwa AaBbCc kwa AaBbCc wangapi watakuwa aabbcc, ni 1/4 × 1/4 × 1/4 = 1/64, umemaliza, wakati mwenzako bado anapiga mistari kwa rula.

Jumanne ni episitasisi, yani 9:7, 9:3:4, 12:3:1. Msizikariri kama nyimbo, zote ni ileile 9:3:3:1 iliyounganishwa vyumba, kwahiyo andika kila kundi pembeni halafu jiulize lipi limefanana na lipi. Jumatano jeni za kwenye kromosomu X pamoja na pedigrii. Hapa jiulize kwanza je baba mwenye ugonjwa amempa mtoto wake wa kiume, maana baba hampi mwanae wa kiume X, anampa Y.

Alhamisi na Ijumaa zote mbili ni jeni zilizoungana, nimezipa siku mbili makusudi maana hapa ndo sote watatu tulianguka. Tutaanza na hili nimelitengeneza mwenyewe, uzao 1000 wa krosi ya majaribio:

```
ABC 400   abc 390
Abc  62   aBC  58
AbC  41   aBc  39
ABc   4   abC   6
```

Wengi kabisa ni aina ya wazazi, wachache kabisa ndo krosingi-ova mbili. Sasa linganisha ABC na ABc, kilichobadilika ni C peke yake, basi C ndo iko katikati hata kama swali limeandika ABC, mpangilio halisi ni A-C-B. Hapo ndo mtego wenyewe, ukikimbia na mpangilio wa swali kila kitu kinachofuata kimeharibika. A mpaka C ni (120 + 10)/1000, yaani 13 cM, C mpaka B ni (80 + 10)/1000, yaani 9 cM, na A mpaka B ni 22 sio 20, kwa sababu wale 10 wamekatika mara mbili kwahiyo wanahesabiwa mara mbili. Halafu krosingi-ova mbili tulizotegemea ni 0.13 × 0.09 × 1000 = 11.7, tumepata 10, 10/11.7 ni kama 0.85, basi intafirensi ni 0.15. Kila mtu alirudie hili bila kuangalia mpaka litoke kwa dakika kumi.

WIKI YA PILI, molekyula

Hii ndo wiki yenye maneno mengi na najua mmoja wenu anaipenda, basi wewe ndo utatuongoza Jumatatu kwenye replikesheni, tuchorane ubaoni uma wa DNA na tuweke 5' na 3' kila mahali, mchoro usio na namba hizo haupati maksi. Ongezea jaribio la Meselson na Stahl la 1958, baada ya kizazi cha kwanza DNA yote ni ya uzito wa kati, cha pili nusu ya kati nusu nyepesi, cha tatu uliza wenzio.

Jumanne na Jumatano transkripsheni na translesheni. Kodoni 64, 61 za amino asidi na 3 za kusimamisha. Zoezi la kila siku:

```
DNA   3'-TAC GGA CTT ATT-5'
mRNA  5'-AUG CCU GAA UAA-3'
```

Met, Pro, Glu, stop. Halafu toa ile G ya kwanza ya GGA uone mstari wote unavyohama. Kwenye testi mimi nilisoma uzi wa DNA nikidhani ni ule wa kodoni kumbe ni ule wa kunakili, maksi sita zikaenda, kwahiyo kabla hujaandika herufi hata moja piga mstari chini ya 3' na 5'.

Alhamisi operoni ya lac. Kanuni ni moja tu, ripresa inatembea kwenye seli nzima ila opereta inatawala DNA iliyounganika nayo tu. Jaribuni I⁺OᶜZ⁻ / I⁻O⁺Z⁺. Z inayofanya kazi iko na opereta nzima, na ripresa inatoka upande wa pili inakuja kuikalia, basi enzaimu inatengenezwa laktosi ikiwepo tu. Ijumaa PCR na mabadiliko ya jeni, fupi.

WIKI YA TATU, idadi ya watu

Maksi 25 lakini ndo za uhakika kuliko zote, hesabu ni zilezile. Jumatatu hadi Jumatano ni Hardy-Weinberg, p² + 2pq + q² = 1. Tukianza na watu 200, AA 90, Aa 60, aa 50. Usithubutu kuchukua mzizi wa 50/200 ukasema q ni 0.5, hapo umeshaamini usawa upo na ndo unachotakiwa kupima! Hesabu aleli, p = (180 + 60)/400 = 0.6, q = 0.4. Tunategemea 72, 96 na 32, kai-skweya inatoka 28.125, digrii ya uhuru ni 1 sio 2 kwa sababu p tumeitoa kwenye data hiyohiyo, mpaka ni 3.84, tunakataa. Heterozaigasi wamepungua sana, F = 1 - 60/96 = 0.375. Mzizi unaruhusiwa pale swali linaposema usawa upo, mfano ugonjwa fichivu 1 kwa 10,000, q ni 0.01 na wabebaji ni karibu 1 kwa 50. Alhamisi uchaguzi asilia, Ijumaa drifti na uhamaji.

WIKI YA NNE

Hakuna kitu kipya. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa pasti pepa nzima kwa masaa matatu, hizo siku tunaanza saa kumi na moja jioni, simu zikae kwenye begi. Jumanne na Alhamisi tunasahihishana, mtu asisahihishe yake. Kila kosa linaingia kwenye daftari la makosa, swali upande mmoja na ulipoteleza upande wa pili. Jumamosi tunafanya maswali ya daftari hilo tu. Jumapili usiku kalkuleta iwe na betri mpya, kalamu mbili, kitambulisho, na kila mtu awe amelala saa nne.

Kesho nakuja na kopi tatu za lile swali la uzao 1000 bila majibu, nyie njooni na madaftari.