Mfasiri na mkalimani, Bukavu: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, Mashi

Natafsiri maandishi kutoka Kifaransa na Kiingereza kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Kwa mdomo nakalimani kati ya Mashi, Kiswahili na Kifaransa. Kihavu nakisikia vizuri, ila sikubali kazi ya kukiandika.

Kabla ya bei, nitakuuliza msomaji ni nani. Kiswahili sanifu cha Dodoma na Kiswahili tunachoongea Kadutu au Uvira ni ndugu, lakini karatasi iliyoandikwa kwa mmoja inaweza kumpita mwingine. Wakisikia neno mganga, Watanzania wengi humwaza mtu wa mitishamba. Kwetu munganga ndiye daktari wa hospitali. Niliwahi kuketi na akina mama huko Walungu waliopewa kijitabu cha chanjo chenye Kiswahili safi kabisa. Walifungua kurasa, wakatazama picha, wakakirudisha. Tangu siku hiyo natoa matoleo mawili kila kazi inapohitaji.

Huu ni mfano kutoka fomu ya ridhaa ya utafiti wa afya. Sanifu: «Una haki ya kukataa kushiriki katika utafiti huu, na uamuzi wako hautaathiri huduma za matibabu unazopata.» Kwa msomaji wa Bukavu: «Kama hautaki kuingia mu hii uchunguzi, uko na haki ya kukatala. Hakuna munganga mwenye atakukasirikia, na dawa yako utaendelea kuipata.» Toleo la pili ni refu kidogo, kwa sababu hofu ya mgonjwa hapa ni kukasirikiwa, na tafsiri lazima iiguse.

Afya ndiyo nyumbani kwangu: chanjo, lishe, uzazi, mpox (aina ya 1b ilitambuliwa kwanza Kamituga, mkoa wetu huu wa Kivu Kusini), hojaji na mahojiano ya utafiti. Nafanya pia maelezo ya mashahidi na walionusurika ukatili, pamoja na kanuni za vyama vya ushirika vya wachimbaji wadogo wa dhahabu na koltani. Mikataba ya benki na hataza siifanyi.

Ukalimani wangu ni wa kufuatisha na wa kunong'oneza. Mbele ya mnusurika nasema «mimi» pale anaposema «mimi», sifupishi, na daftari langu la noti nalichana mbele yake mkimaliza.

Kwa siku natafsiri maneno 2,000, na 1,500 yakihitaji matoleo mawili. Natumia OmegaT na narudisha kumbukumbu ya tafsiri kwa TMX, pamoja na orodha ya istilahi. Bei ni dola 0.08 kwa neno la chanzo. Ukalimani ni dola 120 kwa siku, safari ikilipwa kando. Umeme ukikatika nina paneli ya jua na modemu mbili za mitandao tofauti.

Nitumieni jaribio la maneno 250 bila malipo, mkiniambia litasomwa wapi na nani. Nalirudisha ndani ya siku mbili, na kila neno nililosita juu yake litakuwa na maelezo pembeni.