Suti ya Kwanza

Bitana ndiyo iliyonigusa kwanza. Nilipoingiza mkono, uliteleza hadi kwenye kiganja kama umepita majini, na ubaridi ukanisisimua mwili. Koti zote nilizowahi kuvaa zilikuwa za kaka. Hii fundi alinipima mimi, kuanzia bega hadi kifundo cha mkono.

Kitambaa ni sufu nyepesi ya buluu iliyoiva. Kwa mbali ni rangi moja tu, lakini nikiisogeza karibu na macho naona vijistari vya mshazari, vyembamba kuliko unywele, vikipanda vyote upande mmoja. Ndani ya pindo la suruali fundi amekunja akiba ya vidole vitatu.

"Utarefuka," aliniambia siku ya kujaribisha, pini zikiwa mdomoni.

Ukumbini watu walimtazama bibi harusi. Mimi nilitazama tundu la kifungo changu, uzi wake umezungushwa kwa mkono, kila mshono ukilalia mwenzake. Chini ya kola nikakuta alama ya chaki, nyeupe, fupi. Sikuifuta.

Mjomba alipopita akiwa na mkewe, alisimama mbele yangu. Akaushika ukingo wa koti langu kwa vidole viwili, akausugua taratibu, kisha akasugua wa kwake.

"Jora moja, mjomba," akasema.

Nikanyoosha mabega, koti likanyooka nami.