Kitabu cha Ruthu: Jumatano Nne, Kikundi cha Umoja

Wapendwa, tunaanza Jumatano hii saa kumi na mbili jioni, nyumbani kwa Mama Baraka. Kitabu kina sura nne tu. Someni kila sura nyumbani kabla ya kuja.

Wiki ya kwanza: Njaa inaitoa familia ya Elimeleki Bethlehemu hadi Moabu. Wanaume watatu wanafia huko. Ruthu anaambatana na mkwewe Naomi, Orpa anarudi kwao. Tusimhukumu Orpa haraka, maana Naomi mwenyewe ndiye aliyewasihi warudi. Wangapi kati yetu tulikuja Nairobi kwa sababu shamba lilikauka? Ukiulizwa kwenu ni wapi, unataja Umoja au ushago?

Wiki ya pili: Ruthu anaokota masazo shambani mwa Boazi. Soma pia Walawi 19:9-10: masazo ni haki ya maskini na mgeni, si hisani ya tajiri. Halafu soma Kumbukumbu la Torati 23:3, inayomzuia Mmoabi katika kusanyiko la Bwana. Hapa ndipo nataka tubishane. Ona pia kwamba wanaendelea kumwita "Mmoabi" hata baada ya kumjua. Mtaani kwetu nani bado anaitwa kwa kabila lake badala ya jina?

Wiki ya tatu: Usiku kwenye uwanja wa kupuria. Vijana, mzaha kidogo unaruhusiwa.

Wiki ya nne: Lango la mji, wazee kumi, kiatu kinavuliwa. Obedi anazaliwa, babu yake Daudi. Ndugu wa karibu alikataa kukomboa; aliogopa kupoteza nini?

Chai ipo. Mandazi tuchangiane.