Swali la 4: Mapinduzi ya Viwanda, Wafanyakazi na Miji, pamoja na Jibu la Mfano

Jaribio la Historia, muhula wa pili. Darasa la jioni la watu wazima, Lindi Mjini. Muda wa swali hili ni dakika 45. Jumla ya alama ni 20.

Soma takwimu hizi kabla ya kujibu.

Mwaka 1801 mji wa Manchester, Uingereza, ulikuwa na wakazi karibu 75,000. Mwaka 1851 idadi hiyo ilipita 300,000. Katika ripoti yake ya mwaka 1842, Edwin Chadwick alionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa kwa vibarua na familia zao ulikuwa miaka 17 huko Manchester, na miaka 38 katika wilaya ya mashambani ya Rutland.

(a) Eleza namna kiwanda kilivyobadilisha muda wa kazi na mamlaka ya mfanyakazi juu ya kazi yake. (Alama 8)

(b) Kwa kutumia takwimu hizo pamoja na maarifa yako mwenyewe, jadili kauli hii: "Mji wa viwanda ulikua upesi kuliko uwezo wake wa kujitunza." (Alama 12)

Jibu la mfano

(a) Kabla ya viwanda, mfumaji wa Uingereza alifanya kazi nyumbani kwake, akisaidiwa na mkewe na watoto waliosokota nyuzi. Kazi ilikuwa ngumu na malipo hayakuwa makubwa, lakini yeye ndiye aliyeamua aanze lini, apumzike lini, na siku gani aache kitanda cha kufumia aende kuvuna. Mashine kubwa za kusokota, kwanza zile za nguvu ya maji alizotumia Richard Arkwright katika kiwanda chake cha Cromford kuanzia mwaka 1771, na baadaye zile za mvuke, hazikuweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Ilibidi mtu azifuate ziliko. Na kwa kuwa mwenye mali alitumia fedha nyingi kuzinunua, kila saa zilizosimama ilikuwa hasara kwake. Ndiyo maana Cromford iliendeshwa kwa zamu mbili za saa 12, mchana na usiku.

Hapo ndipo muda ulipobadilika kuwa wa mwajiri. Mfanyakazi aliitwa kwa kengele, na aliyechelewa alikatwa ujira. Mwendo wa mkono wake uliamuliwa na mwendo wa mashine. Ufundi aliojifunza kwa miaka mingi ulipungua thamani, kwa sababu kazi ya kuunga uzi uliokatika, au ya kutambaa chini ya mashine kuzoa pamba iliyodondoka, iliweza kufanywa na mtoto. Watoto waliajiriwa kwa sababu walikuwa wadogo wa umbo, walilipwa kidogo, na ilikuwa rahisi kuwatisha. Wazazi nao walihitaji kila senti kwa kuwa ujira wa mtu mzima mmoja haukutosha kulisha nyumba.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Kati ya mwaka 1811 na 1816 mafundi walioitwa Waludi walivunja mashine, wakianzia Nottinghamshire, na mwaka 1812 Bunge likaweka adhabu ya kifo kwa kosa hilo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepigwa marufuku kwa sheria za mwaka 1799 na 1800, ambazo zilifutwa mwaka 1824. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 ilizuia watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na wale waliokuwa hawajafika miaka 13 wakawekewa kikomo cha saa 48 kwa wiki. Wakaguzi walikuwa 4 tu kwa nchi nzima, lakini kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa na mtu wa kupiga hodi kwenye lango la kiwanda.

(b) Kauli hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, hasa kwa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Manchester iliongezeka mara nne ndani ya miaka 50. Injini ya mvuke ilimruhusu mwajiri kujenga kiwanda mbali na maporomoko ya maji, karibu na makaa ya mawe, mifereji na soko, hivyo viwanda vikarundikana mahali pamoja na watu wakavifuata kwa miguu kutoka vijijini na kutoka Ireland. Wajenzi waliwapangisha nyumba zilizogusana migongo, zisizo na dirisha wala mlango wa nyuma, na maskini zaidi waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi. Choo kimoja kilitumiwa na nyumba nyingi, na uchafu wake uliingia katika visima na mito ambayo watu walichota maji ya kunywa.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za Chadwick. Wastani wa miaka 17 haumaanishi kwamba watu wazima walikufa wakiwa na umri huo, bali kwamba watoto wachanga walikufa kwa wingi kiasi cha kuushusha wastani wa wote. Inafaa kuzingatia kwamba ujira wa kiwandani mara nyingi ulizidi ule wa kibarua wa shambani, na bado aliyeishi shambani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua. Kwa hiyo tatizo la mji halikuwa ufukara peke yake. Lilikuwa pia maji, vyoo na msongamano.

Hata hivyo, mji ulijifunza, ingawa kwa kuchelewa na kwa kusukumwa na kipindupindu kilichofika mwaka 1831 na kurudi mwaka 1848. Sheria ya Afya ya Umma ilipitishwa mwaka 1848. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha, mjini London, kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikuwa wamechota maji katika pampu moja. Baada ya harufu ya mto Thames kuwashinda wabunge wenyewe mwaka 1858, Joseph Bazalgette alipewa fedha za kujenga mitaro mikuu ya majitaka. Kauli tuliyopewa, basi, ingekuwa sahihi zaidi kama ingesema kwamba uwezo ulikuwepo, ila waliokuwa na fedha na kura hawakuona sababu ya kuutumia mpaka maradhi na uvundo vilipowafikia.

Maelezo kwa msahihishaji

Katika (a), anayeandika tu kwamba "watoto waliajiriwa" bila kueleza kwa nini apewe alama 1. Tarehe zisizofungamana na hoja zisiongezewe kitu, hata zikiwa sahihi zote.

Katika (b), anayesoma miaka 17 kana kwamba vibarua walikufa wakiwa vijana asizidi alama 7. Kosa hili lilijitokeza katika daftari nyingi muhula uliopita, na nusu yake ni letu walimu, kwa kuwa hatukulifafanua neno "wastani".

Wapo watakaolinganisha kengele ya kiwanda na kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30, walichosimuliwa na babu zao waliokata mkonge hapa Lindi. Ulinganisho huo ukubalike kwa alama 1 hadi 2 ikiwa mtahiniwa anaonyesha tofauti: kipande kilihesabu siku, na kibarua aliweza kuzitimiza kwa wiki nyingi kuliko nne, ilhali kengele ilihesabu dakika. Asiyeonyesha tofauti hiyo asikatwe alama, lakini pia asipewe.